Mashine ya alizeti mtandaoni: kabla ya kutuma fedha, fuata jina

Msafiri wa barabara kuu ya Dodoma kwenda Singida hahitaji kuambiwa kwamba ameingia nchi ya alizeti. Madumu ya mafuta ya rangi ya dhahabu, ya lita tano, kumi na ishirini, yamepangwa kandokando ya lami yakisubiri magari yasimame. Nyuma ya madumu hayo kuna mashine za kukamua, na nyingi kati ya hizo zimetoka China, zikapita bandari ya Dar es Salaam, kisha zikapanda lori.

Zamani mkamuaji aliyetaka mashine alifunga safari, akazunguka maduka ya Kariakoo, akagusa chuma kwa mkono wake na kupatana bei. Siku hizi anaiona kwanza kwenye simu. Ipo Instagram au kwenye kundi la WhatsApp, imepakwa rangi inayong'aa, na video inaonyesha mafuta yakichuruzika upande mmoja na mashudu yakitoka upande wa pili. Chini yake kuna namba ya simu na maneno "tunatuma mikoa yote".

Biashara hii ina msimu wake, na msimu huo ndio unaowaponza wanunuzi. Alizeti hupandwa na mvua za Desemba na Januari, na mavuno huanza kuingia kuanzia Mei. Anayetaka mashine mpya iwahi msimu lazima awe ameiagiza ifikapo Machi au Aprili. Muuzaji wa kweli analijua hilo, na tapeli analijua vilevile. Ndiyo maana ujumbe wa "bosi wangu, zimebaki mbili tu, wahi kabla mzigo haujaisha" huja katika miezi hiyohiyo, mnunuzi akiwa na fedha mkononi na hana subira.

Tuchukue agizo la mfano. Wakamuaji watano wa Manispaa ya Singida wamechanga Sh16 milioni wanunue mashine ya kukamua na ya kuchujia. Muuzaji waliyempata mtandaoni anasema duka lake liko Kariakoo na anataka nusu ya fedha, Sh8 milioni, ndipo mzigo upakiwe. Walipomwomba nyaraka hakusita. Ndani ya dakika chache alituma picha za cheti cha usajili wa kampuni, cheti cha TIN na leseni ya biashara. Hapo ndipo wengi humaliza uchunguzi, kwa kuwa karatasi zipo na zina mihuri.

Karatasi halali, mtu si halali

Tapeli wa leo hana haja ya kughushi cheti. Leseni ya biashara hutundikwa ukutani dukani, na kampuni hutuma nakala za vyeti vyake kila zinapoomba zabuni au mteja mkubwa anapozidai. Yeyote mwenye simu anaweza kupata picha ya cheti halali cha kampuni halali na kukifanya chake. Ukikipeleka cheti hicho kwa wahusika ukauliza kama ni cha kweli, utajibiwa ndiyo, na bado utaibiwa.

Kwa hiyo swali si kama cheti ni halali. Swali ni kama mtu unayezungumza naye ndiye mwenye cheti hicho. Jibu lake hupatikana kwa kulifuata jina. Jina lililoko BRELA, lililoko kwenye leseni, lililoko kwenye risiti za mauzo ya nyuma na lililoko kwenye akaunti ya benki linatakiwa liwe moja, na kila mahali ulihakiki kwa mwenye taarifa, siyo kwa karatasi iliyotoka mkononi mwa muuzaji.

Sheria inampa mnunuzi haki ya kuuliza. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza bidhaa kwa njia ya mtandao amweleze mteja jina lake kamili, hadhi yake kisheria na mahali anapopatikana. Muuzaji anayenuna kwa kuulizwa jina la kampuni yake tayari amekupa sehemu ya jibu.

Usajili unasema nini

Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, unafanya kazi zake kwa njia ya mtandao kupitia mfumo wa ORS, kwenye anwani ors.brela.go.tz. Huko mtu anaweza kuomba taarifa rasmi za kampuni na kulipia ada. Kinachotafutwa ni zaidi ya kujua kama kampuni ipo. Taarifa hizo huonyesha namba ya usajili, tarehe ya kusajiliwa, ofisi iliyoandikishwa, wakurugenzi na wanahisa.

Anza na tarehe. Ukurasa wa muuzaji unajitangaza kuwa na uzoefu wa miaka kumi, lakini kampuni imesajiliwa miezi mitatu iliyopita. Hilo peke yake si wizi, maana mtu anaweza kufanya biashara muda mrefu kabla ya kujisajili, ila linahitaji maelezo. Ukurasa wenyewe nao una umri. Kwenye Instagram, fungua wasifu wa muuzaji, bonyeza vile vidoti vitatu vya juu na uchague "About this account". Utaona mwezi na mwaka akaunti ilipofunguliwa, na kwa akaunti nyingi utaona pia kama imewahi kubadilisha jina. Akaunti iliyoanza kwa kuuza nguo za watoto, ikabadilishwa jina mara kadhaa na leo inauza mashine za mamilioni, huenda imenunuliwa pamoja na wafuasi wake.

Kisha tazama aina ya usajili. Kampuni yenye ukomo wa hisa ni mtu kisheria. Inamiliki akaunti na inashtakiwa kwa jina lake. Jina la biashara ni kitu kingine. Kisheria, anayefanya biashara kwa jina hilo ni mwenyewe aliyelisajili, na ukidai unamdai yeye. Tofauti hii ina maana kubwa wakati wa kulipa. Kampuni inayokutaka ulipe kwenye akaunti ya mtu binafsi ina kasoro. Lakini jina la biashara linaweza kuwa na akaunti ya mtu, mradi mtu huyo awe yuleyule anayeonekana BRELA kama mmiliki.

Usajili nao una mipaka yake. DECI, iliyokusanya fedha za Watanzania wengi kwa mtindo wa upatu hadi ilipofungwa mwaka 2009, ilikuwa kampuni iliyosajiliwa. Mwaka 2013 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu iliwatia hatiani viongozi wake. Cheti kinakwambia ni nani wa kumdai, hakikwambii kama atakulipa.

Wakamuaji wetu wanapoomba taarifa wanakuta kampuni ipo kweli, ina miaka kadhaa na ofisi yake iko Dar es Salaam. Lakini jina la kijana wanayechati naye halimo kati ya wakurugenzi. Huenda ni mfanyakazi wa kawaida. Huenda ni mtu baki. Sasa wanahitaji kujua duka liko wapi.

Duka, fremu na winga

Leseni ya biashara ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu imefungwa kwenye eneo. Leseni za kundi A hutolewa na BRELA, za kundi B na halmashauri ya mahali biashara ilipo, na zote zina tarehe ya mwisho. Soma kichwa cha leseni. Kariakoo ilikuwa chini ya Manispaa ya Ilala mpaka mwaka 2021, manispaa hiyo ilipopandishwa hadhi kuwa Jiji la Dar es Salaam. Leseni ya kundi B ya duka la Kariakoo yenye tarehe ya mwaka huu, lakini kichwa chake bado kinasema Manispaa ya Ilala, imetengenezwa na mtu aliyechukua kielelezo cha zamani.

Anwani yenyewe isomwe kwa makini. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, majengo mengi yana kibao cha namba na barabara zina majina. Duka la kweli haliishii kwenye "Kariakoo, karibu na sokoni". Lina mtaa, barabara, namba ya jengo na, kama ni ghorofa, namba ya fremu. Postikodi nayo inasema kitu: za Dar es Salaam huanza na tarakimu 1, za mkoa wa Singida huanza na 43. Muuzaji anayesema yuko Kariakoo huku profoma yake ina postikodi inayoanza na 5 anatakiwa aeleze.

Baada ya hapo anahitajika mtu wa kwenda kutazama. Hapa watu wa Singida hawana kisingizio. Wenye maduka ya mjini huenda Kariakoo kufuata mzigo mara kwa mara, na ni familia chache zisizo na kijana huko. Tangu treni ya SGR ianze safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, hata mnunuzi mwenyewe anaweza kupanda basi hadi Dodoma na kuendelea kwa treni. Nauli ya kwenda na kurudi ni kitu kidogo mbele ya Sh8 milioni.

Anayekwenda asimpigie muuzaji kwanza ili apokewe. Afike dukani kama mteja wa kawaida, aulize bei ya mashine ileile, kisha aulize majirani wa fremu duka hilo lina muda gani na linauza nini. Amtaje kwa jina yule kijana wa mtandaoni. Majibu huwa ya aina tatu.

La kwanza ni "tunamfahamu, ni wa kwetu". Hapo kazi inaendelea. La pili ni "hatumjui, sisi tunauza pampu za maji", na hapo kazi imekwisha. La tatu ndilo linalohitaji akili zaidi: "huyo ni winga". Kariakoo imejaa mawinga, vijana wanaoleta wateja madukani na kuishi kwa cha juu. Winga si tapeli. Anaweza kuwa mwaminifu na mchapakazi, na wengi wao hupiga picha bidhaa za maduka ya watu na kuziweka kwenye kurasa zao. Lakini mashine si yake, cheti alichokutumia si chake, na ukimlipa yeye mwenye duka hajapokea kitu. Winga akipokea Sh8 milioni asubuhi na kupatwa na shida mchana, mwenye duka hana deni nawe. Ukigundua unashughulika na winga, mpe ahsante yake, lakini profoma, malipo na risiti viwe vya mwenye duka.

Kama hakuna wa kumtuma, piga simu ya video bila kutoa taarifa, saa za kazi, na uombe jambo ambalo hakuweza kuliandaa: atoke nje akuonyeshe kibao cha namba ya jengo, aingie ndani bila kukata simu, kisha asogeze kamera kwenye bati la mashine penye modeli na namba. Video iliyorekodiwa jana haiwezi kukutii.

Mauzo ya nyuma

Picha za wateja wanaotabasamu na jumbe za "nimepokea mzigo, asante" hazina uzito, kwa sababu aliyezibandika ni muuzaji. Mauzo ya nyuma yana ushahidi ulio nje ya mikono yake, nao ni risiti ya EFD.

Mwombe muuzaji risiti ya mashine aliyomuuzia mtu mwingine, hata kama atafunika jina la mteja. Risiti ya EFD ina TIN ya muuzaji, tarehe, saa na namba ya uhakiki. Fungua verify.tra.go.tz, ingiza namba hiyo na saa ya risiti, na mfumo wa TRA utakuletea risiti kama ulivyoipokea. Linganisha mstari kwa mstari: jina la muuzaji, TIN, bidhaa iliyouzwa, kiasi. Risiti iliyohaririwa huumbuka hapa, kwa sababu karatasi inasema mashine ya Sh12 milioni na mfumo unasema betri ya Sh120,000. Kama hakuna risiti kabisa, ama hajawahi kuuza mashine ya aina hiyo, ama anauza bila kutoa risiti. Vyote viwili ni hasara kwako, maana bila risiti hutakuwa na cha kushika siku ya kudai.

Tazama pia namba ya simu. Risiti nyingi huchapwa zikiwa na namba ya muuzaji, na hiyo ndiyo namba ya kupiga, badala ya ile ya kwenye tangazo. Mweleze anayepokea: "Tuna oda ya mashine ya alizeti kwa kijana wenu fulani, tumeambiwa tulipe nusu. Mnalifahamu hilo?" Simu hiyo moja inaunganisha cheti halali na mtu unayechati naye, au inavitenganisha.

Ushahidi wa pili ni mnunuzi wa zamani, na huyo umtafute wewe. Mteja uliyepewa na muuzaji anaweza kuwa ndugu yake. Singida ina wakamuaji wengi; uliza kwenye vinu vya mjini, Ikungi na Iramba, au ofisi ya SIDO mkoani, nani amewahi kununua kwa kampuni hiyo. Ukimpata, usimuulize kama ni waaminifu. Muulize mzigo uliahidiwa siku gani ukafika siku gani. Muulize shafti ilipoisha alipata wapi nyingine. Muulize kama mota aliyoletewa ndiyo iliyoandikwa kwenye profoma.

Kisha tazama mashine yake. Modeli maarufu za China huandikwa 6YL-80, 6YL-100 na kadhalika, na namba ya mwisho inakaribiana na kipenyo cha skurubu ya kukamulia kwa milimita. Kuna muuzaji mwenye duka, leseni na risiti zote, ambaye hubandika bati la 100 kwenye mashine ya 80. Huyo hutamgundua BRELA wala TRA. Utamgundua kwa futi ya kupimia kwenye kinu cha aliyekutangulia.

Agizo la moja kwa moja China

Baadhi ya wanunuzi humruka mtu wa Kariakoo na kuagiza kiwandani. Kanuni ni ileile, ofisi tu ndizo zinazobadilika. Kila kampuni ya China ina namba ya usajili yenye tarakimu na herufi 18, na namba hiyo inasomeka. Namba za kampuni za kawaida huanza na 91, na tarakimu zinazofuata hutaja mahali kampuni iliposajiliwa. Wauzaji wengi wa mashine za kukamua mafuta wako Zhengzhou, mkoa wa Henan, na namba ya kampuni iliyosajiliwa huko huanza na 914101. Anayejiita kiwanda cha Zhengzhou lakini namba yake inaanza na 914401 amesajiliwa Guangzhou, na huenda ni dalali tu.

Namba hiyo hukaguliwa kwenye daftari la serikali ya China, gsxt.gov.cn. Tovuti ni ya Kichina, hivyo omba jina la kampuni kwa Kichina na utafute mtu anayesoma lugha hiyo. Tazama tarehe ya kuanzishwa na shughuli ilizoruhusiwa, kama ni kutengeneza mashine au kuuza tu. Akaunti ya benki utakayoelekezwa iwe ya jina hilohilo. Ikija barua pepe katikati ya mazungumzo kwamba akaunti imebadilishwa, usilipe kabla hujapiga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, maana wezi huingia kwenye barua pepe za wafanyabiashara wa kweli na kusubiri siku ya malipo.

Siku ya kulipa

Turudi kwa wakamuaji wetu. Tuseme duka wamelikuta, risiti imehakikiwa, mwenye duka anaitambua oda. Siku ya kulipa kijana anaandika: "Akaunti ya kampuni ina shida kidogo wiki hii, tumeni kwa hii ya mhasibu wetu." Kazi yote ya nyuma inaweza kupotea katika sentensi hiyo. Jina limefuatwa kutoka BRELA hadi dukani, halafu linaachwa mlango wa mwisho.

Malipo yaende kwenye akaunti ya jina lililohakikiwa, na kama akaunti ina shida, wasubiri ipone. Wanaolipa kwa simu watazame jina linalotokea kabla ya kuingiza namba ya siri. Likiwa si lenyewe, wakatishe hapohapo. Profoma itaje modeli, nguvu ya mota, kama inahitaji umeme wa njia tatu, siku ya kufika na nani anabeba gharama ya usafiri. Hata kwa muuzaji aliyepita vipimo vyote, nusu ya bei ni nyingi kwa mara ya kwanza. Kwa mashine iliyopo dukani, mnunuzi ana nguvu ya kusema kwamba atalipa kidogo kuifunga oda na kumaliza mtu wake akiiona inapakiwa.

Fedha zikishaondoka kwa mtu asiye sahihi, saa za mwanzo ndizo zenye matumaini. Piga simu benki au kwa kampuni ya simu uombe muamala uzuiwe, nenda polisi upate RB, na itume namba iliyotumika kwenye utapeli kwenda 15040, ambayo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania imeitenga kwa taarifa hizo. Usifute mazungumzo, hayo ndiyo ushahidi.

Uhakiki wote huu huchukua siku chache, na mashine iliyoagizwa Februari inafika kabla ya mavuno hata baada ya siku hizo. Mkamuaji wa Singida anayetaka kununua mtandaoni aanze mapema, na akikuta jina limebadilika hata mahali pamoja bila maelezo yanayothibitika, fedha zibaki kwake.